Kundi Moja, Lakini Damu Imekataliwa

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 9 wa hapa Mwanga, mgonjwa wa selimundu. Kundi lake ni O chanya, na kila anapopungukiwa damu huongezewa O chanya. Safari hii hemoglobini ilikuwa 5, ikapanda hadi 8, akarudi nyumbani akicheza. Siku ya nane macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, na hemoglobini imeshuka hadi 4.5. Ni rahisi kudhani ni malaria, au kwamba selimundu imemkaba tena. Mama anauliza, "Si mlimpa damu ya kundi lake?"

Walimpa. Ila juu ya chembe nyekundu zipo alama nyingine nyingi, ziitwazo antijeni, zikiwamo C, E na K. Mtoto huyu hana E. Miongoni mwa watu weusi, takribani mmoja kati ya watano anayo. Akishapokea chupa 10 za wachangiaji tofauti, uwezekano wa kukutana na E walau mara moja unakaribia 9 kati ya 10. Si kila mwili utajibu, lakini wake ulijibu: ulitengeneza kingamwili dhidi ya E.

Kingamwili hizo hutafutwa kabla ya kuongeza damu. Plazma ya mgonjwa huchanganywa na chembe za kundi O ambazo antijeni zake zinajulikana, huwekwa kwenye joto la nyuzi 37, kisha hutiwa dawa inayozifanya chembe zilizoshikwa na kingamwili zigandamane. Zikigandamana, mtaalamu hutafuta ni alama gani inayoshambuliwa.

Hapa ndipo pana mtego. Kingamwili hupungua kwa miezi hadi kipimo kisizione, na hata kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji kunatoa jibu safi. Mwili, hata hivyo, haujasahau. E ikiingia tena, kingamwili huongezeka ndani ya siku chache, na chembe zilizoongezwa huvunjwa. Hiyo ndiyo siku ya nane ya mtoto wetu. Kukimbilia chupa nyingine bila kupima kunaweza kumzidishia uvunjaji.

Kwa hiyo, panapowezekana, mgonjwa wa namna hii hupewa damu inayofanana naye kwa C, c, E, e na K pia, hata kabla hajatengeneza kingamwili yoyote. Alama zake zinafaa kupimwa kabla ya chupa ya kwanza, kwa kuwa baadaye chembe za wachangiaji huchanganyika na zake kwa takribani miezi mitatu na kupotosha majibu. Hata hivyo zipo alama nje ya hizo tano, kama za Dafi na Kidi, ambazo nazo huleta balaa.

Mzazi ana kazi moja: kingamwili ikipatikana, aombe iandikwe kwenye kadi ya mtoto, aionyeshe kila hospitali, hata kipimo cha leo kikisema hakuna kitu.