Nani Aliulizwa Swali Hili?

Tuchukue mchambuzi anayetaka kujua kwa nini watoto wa baadhi ya maeneo ya Tanzania wamedumaa kuliko wengine. Data ipo: Utafiti wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria wa 2015-16, uliokuta watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Akifungua faili la watoto anakutana na mamia ya safu zenye majina kama v106, m14 na hw70. Kitabu cha misimbo kinaeleza kila moja, lakini ni kirefu mno, kwa hiyo anamwomba mwenzake amfupishie.

Muhtasari mbovu hurudia tu maelezo ya kila safu: m14 ni mahudhurio ya kliniki ya wajawazito, hw70 ni urefu kwa umri. Mchambuzi akiusoma ataona kila kitu kinafaa. Anachohitaji hasa ni kuambiwa nani aliulizwa, majibu yameandikwaje, na safu ipi itamdanganya akiichukua ilivyo.

Kuna safu za kuondoa mapema. Tafiti hizi hufanyika katika nchi nyingi kwa mpangilio mmoja, na swali ambalo nchi fulani haikuuliza hubaki na safu yake, tupu tangu juu hadi chini. Maelezo yake huanza na herufi NA. Hizo hazina haja ya kujadiliwa.

Sasa m14. Katika utafiti huo mama aliulizwa kuhusu kliniki kwa uzazi wake wa mwisho tu. Faili la watoto lina mstari kwa kila mtoto aliyezaliwa ndani ya miaka mitano, hivyo mama mwenye watoto wawili wa umri huo ana mistari miwili, na ule wa mtoto mkubwa hauna jibu. Nafasi hiyo tupu haimaanishi kwamba mama hakwenda kliniki. Ambaye hakwenda kabisa ameandikiwa 0. Mchambuzi akigeuza nafasi tupu kuwa sifuri, atakuwa amewazulia akina mama uzembe ambao hawakuufanya.

Halafu kuna 98, yaani mama hakumbuki. Tuseme akina mama watano wana 4, 3, 5, 4 na 98. Kompyuta itatoa wastani wa mahudhurio 22.8, wakati wanne waliokumbuka wana wastani wa 4. Hapo kosa linaonekana kwa macho. Kwenye sampuli kubwa yenye akina 98 wachache, wastani hupanda kidogo tu na hakuna anayeshtuka, ndiyo maana msimbo huu lazima utajwe kwenye muhtasari.

Safu ya hw70 inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ndiyo inayobeba jibu. Namba zake hazina nukta: -234 ni -2.34, na mtoto aliye chini ya -200 ndiye aliyedumaa. Kuanzia 9996 kwenda juu si vipimo, bali ni alama kwamba kipimo hakikubaliki au hakipo. Tuseme watoto 1,000 wana namba kwenye safu hiyo, 300 wamedumaa na 50 wana alama hizo. Ukiwahesabu wote utapata asilimia 30. Ukiwatoa wale 50, ambao hatujui urefu wao wa kweli, utapata karibu 31.6. Amri ya kuwaondoa ni fupi:

```
replace hw70 = . if hw70 >= 9996
```

Hata hivyo, hesabu ya faili hili isipolingana kabisa na ile 34 ya ripoti, asihangaike. Ripoti hutumia faili la wanakaya, ambamo wamo hata watoto ambao mama zao hawakuhojiwa, na safu yake ni hc70. Anayetaka kiwango cha nchi atumie hilo. Anayetaka kuhusisha udumavu na uzazi wa mama abaki na la watoto.

Upande wa umaskini, ningemshauri achukue v190 peke yake. Safu hii inapanga kaya katika makundi matano ya hali ya maisha, na imetengenezwa kwa vitu kama chanzo cha maji na aina ya sakafu. Akiiweka pamoja na v113 ya maji na v127 ya sakafu, atakuwa anapima kitu kilekile mara mbili, na hatajua kipi kimeleta tofauti.

Mwisho kuna safu ambazo hazijibu swali lolote, kwa hiyo wengi huziruka: v005, v021 na v022. Zanzibar ilichukuliwa kaya nyingi kuliko sehemu yake katika idadi ya watu, ili mikoa yake mitano ipate takwimu zake. Bila v005, ambao ni uzito wa sampuli, sauti ya Zanzibar itazidi kiasi katika wastani wa taifa. Uzito huo hugawanywa kwa 1,000,000 kabla ya kutumika. Hizo nyingine mbili zinaonyesha kaya zilichaguliwa kutoka eneo gani na tabaka gani. Zikiachwa, kompyuta itadhani kila mtoto alichaguliwa peke yake, na mara nyingi itaonyesha uhakika mkubwa kuliko uliopo.