Lipstiki kwa Midomo ya Rangi Mbili

Kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi, midomo haina rangi moja. Wa juu huwa wa kahawia iliyokolea, pengine kukaribia weusi, na wa chini huwa na wekundu au uwaridi katikati huku kingo zake zikiwa za kahawia. Hayo ni maumbile, si kasoro. Ngozi ya mdomo ni nyembamba kuliko ya shavu, haina vinyweleo wala tezi za jasho, na mishipa midogo ya damu hupita karibu na uso wake. Wekundu unaoonekana hutokana na damu hiyo, na weusi hutokana na melanini, ambayo mara nyingi huwa nyingi zaidi mdomo wa juu.

Tofauti hiyo ndiyo sababu lipstiki iliyopendeza dukani hubadilika ikishapakwa. Lipstiki nyingi hazifuniki kabisa. Rangi ya mdomo hupenya na kuchanganyika na rangi iliyopakwa. Lipstiki moja ya waridi inaweza kutoa rangi mbili: juu ikawa ya kijivu, chini ikawaka. Rangi zilizopauka ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu hutengenezwa kwa kutia unga mweupe mwingi. Weupe huo ukikaa juu ya mdomo mweusi hufanana na chokaa nyepesi iliyopakwa juu ya ukuta wenye masizi: masizi hayafichiki, na chokaa yenyewe huonekana chafu.

Kioo huonyesha midomo pamoja na uso mzima, kwa hiyo jicho hupita haraka bila kupima. Picha ya karibu huitenga midomo na kuipa jicho muda wa kulinganisha, ilimradi ipigwe vizuri. Midomo isafishwe, kisha iachwe kama dakika kumi, maana kusugua huvuta damu na kuongeza wekundu kwa muda. Mpigwaji akae akielekea dirisha lenye mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja. Taa za ndani zizimwe, kwa sababu taa ya manjano huifanya kila rangi ielekee machungwa. Flashi isitumike, na vichujio vya kulainisha uso viondolewe. Karatasi nyeupe ikishikwa chini ya kidevu husaidia: ikionekana ya manjano au ya samawati kwenye picha, rangi ya midomo nayo imepotoshwa.

Umbali nao una kazi yake. Simu ikisogezwa hadi karibu na pua, kilicho katikati ya picha huvimba, na midomo huonekana minene kuliko ilivyo. Ni bora simu iwe umbali wa sentimita 40 hivi, kisha picha ikatwe ibaki sehemu ya mdomo. Picha mbili zinatosha: moja midomo ikiwa imefungwa bila kukazwa, nyingine ikiwa imeachana kidogo ili rangi ya ndani ionekane.

Katika picha, umbo ndilo la kutazamwa kwanza. Pembeni mwa midomo kuna ukingo mwembamba ulioinuka, ambao kwa mwanga wa dirisha huonekana kama mstari uliong'aa kidogo kuliko ngozi. Ukingo huo ndio mpaka wa wanja wa midomo. Mdomo mwembamba unaweza kuchorwa juu ya ukingo wenyewe ukaonekana umejaa, lakini mstari ukizidi milimita moja nje yake, mtu aliye mbele huona ngozi ya uso iliyopakwa rangi. Mdomo mnene ambao mwenyewe anataka utulie huchorwa ndani kidogo ya ukingo. Ikiwa pembe za mdomo zimeelekea chini, wanja wa mdomo wa chini uishie kabla ya kufika pembeni, kwani mstari mzito pale huongeza sura ya huzuni.

Baada ya umbo, rangi. Hapa zipo sehemu tatu za kulinganisha: katikati ya mdomo wa juu, katikati ya mdomo wa chini, na kingo. Njia rahisi ya kupima tofauti ni kutengeneza nakala ya picha na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe kwa kutumia simu yenyewe. Wekundu na ukahawia vikiondoka, kinachobaki ni giza na mwanga tu. Kama mdomo wa juu na wa chini unakaribiana kwa kijivu, karibu lipstiki yoyote itakaa sawa. Kama wa juu ni mweusi waziwazi, kazi ya kusawazisha inahitajika kabla ya rangi.

Chukulia mwanamke mwenye mdomo wa juu wa rangi ya chokoleti, mwembamba, na wa chini mnene wenye uwaridi katikati. Anataka kuvaa damu ya mzee harusini na rangi nyepesi ya kwendea kazini. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kujaribu kuung'arisha mdomo wa juu kwa kuupaka krimu ya kufichia madoa. Chini ya lipstiki kavu, krimu hiyo hujikunja na kupasuka baada ya saa chache. Kilicho chepesi ni kuushusha mdomo wa chini uufikie wa juu. Anachagua wanja wa kahawia unaolingana na mdomo wake wa juu, anachora juu kwenye ukingo wenyewe, na chini ndani kidogo ya ukingo. Kisha anaujaza wanja huohuo kwenye sehemu ya waridi, kwa tabaka jembamba, na kuusambaza kwa kidole.

Damu ya mzee ikipakwa juu ya msingi huo hutoka sawa juu na chini. Kwa kuwa rangi iliyokolea huupunguza mdomo kwa macho, tone dogo la rangi nyekundu zaidi katikati ya mdomo wa juu hurudisha ujazo wake. Kwa kazini, waridi iliyopauka haimfai. Waridi yenye ukahawia, au nyekundu ya matofali iliyopakwa kidogo, itamkaa vyema, kwa sababu tayari ina rangi iliyomo midomoni mwake. Akimaliza, anapiga picha nyingine palepale dirishani na kuigeuza nyeusi na nyeupe. Mpaka kati ya juu na chini ukionekana bado, wanja wa chini haujatosha.

Picha ina mipaka. Simu hurekebisha mwanga yenyewe, na mara nyingi huung'arisha uso mweusi, hivyo isitumike kulinganisha midomo na rangi ya lipstiki iliyo kwenye picha ya tangazo. Inachosema kwa uhakika ni tofauti kati ya sehemu na sehemu ndani ya picha hiyohiyo. Vilevile, kujaribu lipstiki nyuma ya kiganja hupotosha, kwa kuwa ngozi ya pale haina rangi ya mdomo. Na doa jeusi lililotokea karibuni upande mmoja, linalokua au lenye kidonda, si la kufunikwa kwa wanja. Lipelekwe kwa daktari.

Anayeweza kununua lipstiki moja tu aichague kwa kutazama mdomo wake wa juu, na fedha inayobaki anunulie wanja wa kahawia kwa ajili ya ule wa chini.