Gunzi Mdomoni: Kumfundisha Mbwa Kutema na Kuacha

Mahindi ya kuchoma yakishaliwa, gunzi hutupwa, na mbwa wa uani huwa wa kwanza kujua limeangukia wapi. Lina harufu ya chumvi na ndimu, linatafunika kidogo, na kipande chake hupita kooni bila taabu. Taabu huja baadaye, maana tumbo la mbwa haliwezi kulimeng'enya. Kipande kinaweza kukaa tumboni siku kadhaa, hata majuma, mbwa akila na kucheza kama kawaida, kisha kikasukumwa hadi kwenye utumbo mwembamba na kukwama humo. Kokwa la embe nalo hufanya vivyo hivyo. Kikishakwama, mbwa hutapika kila anachokula, hata maji, na mara nyingi hubaki upasuaji tu.

Tazama tunavyofanya tukimwona na gunzi. Mtu anapaza sauti na kumkimbilia, watoto wanamfuata nyuma kwa makelele, mbwa anazunguka tangi la maji mara mbili kabla ya kubanwa pembeni. Taya zinapanuliwa kwa vidole, gunzi linavutwa, kazi imekwisha. Lakini mbwa naye ameondoka na somo: binadamu akikukaribia ukiwa na kitu mdomoni, unanyang'anywa. Dawa ya kunyang'anywa ni mbili tu, kumeza upesi au kuonyesha meno. Mbwa wengi wanaobugia vitu walifundishwa na sisi wenyewe, kwa mikono yetu.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuugeuza ujio wetu. Tunataka mbwa mwenye kitu mdomoni, akituona tunakuja, atarajie kupata, si kupoteza. Amri mbili zinatosha: "Tema" kwa kilichokwisha kuingia mdomoni, na "Acha" kwa ambacho bado hajakigusa. Wengine husema "Achia" badala ya "Tema", lakini "Acha" na "Achia" yanakaribiana mno masikioni mwa mbwa. Neno lolote mtakalochagua, baba, mama, watoto na mlinzi walitumie hilo hilo.

Njia ninayoiona bora ya kufundisha "Tema" imeenezwa na Chirag Patel, mkufunzi wa wanyama wa Uingereza, na jambo la ajabu ni kwamba huanza mbwa akiwa hana kitu chochote mdomoni. Chemsha maini au firigisi bila chumvi wala kitunguu (kitunguu huharibu chembe za damu za mbwa), ukate vipande vidogo kama punje ya haragwe. Mchukue mbwa mahali patulivu. Sema "Tema" mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, nyamaza kidogo, halafu dondosha vipande vinne au vitano chini mbele yake. Hakuna anachotakiwa kufanya. Anapokula, mwonyeshe kwa kidole kipande kimoja baada ya kingine, kana kwamba unamsaidia kuvitafuta.

Kuna mambo mawili humo ambayo watu huyaruka, kisha wakasema njia haifai. La kwanza ni mpangilio: neno litangulie, mkono ufuate. Mkono ukiingia mfukoni kabla hujasema, mbwa atajifunza kuutazama mfuko, na siku mfuko ukiwa mtupu neno halitakuwa na maana kwake. La pili ni kile kidole. Kinamzoesha kuona mkono wako ukipitapita karibu na pua yake na chakula chake bila kuchukua kitu. Baadaye mkono huo huo ndio utakaookota gunzi wakati yeye ameinama akila.

Rudia mara kumi hivi kwa kikao, vikao vichache kwa siku. Usihesabu siku, mpime mbwa. Sema "Tema" akiwa ametazama pengine. Kichwa kikigeuka na kuinama chini kutafuta, neno limeingia.

Sasa ndipo kitu kiingie mdomoni, na kiwe kitu asichokijali sana: chupa tupu ya plastiki, kipande kikubwa cha ubao. Akiwa amekishika kivivu, sema "Tema" na udondoshe vipande. Atafungua mdomo kwa sababu hawezi kula na kushika kwa wakati mmoja. Mwonyeshe vipande kwa mkono mmoja, hatua moja au mbili mbali na ile chupa, na kwa mkono mwingine okota chupa. Itazame. Kisha mrudishie.

Hapo pa kumrudishia ndipo wengi hushangaa. Kuna faida gani kumpa tena kitu alichokwisha kukitema? Faida ni kwamba mbwa anapiga hesabu yake: nimetema, nimekula maini, na chupa yangu ninayo. Mbwa aliyefanya biashara hiyo mara nyingi hana haja ya kukimbilia chini ya gari. Siku utakapomnyima kweli, kwa kuwa ana wembe au mfuko wa sumu ya panya, hasara hiyo moja itakuwa ndogo mbele ya faida zote alizokwisha kupata.

Popi, mbwa wa jirani yangu, alikuwa wa kukimbilia chini ya gari. Mwenyewe alimfundisha na chupa asubuhi moja, akafurahi alivyotema, na jioni akajaribu na gunzi. Popi aliposikia neno alijikunja, akatafuna mara mbili na kumeza. Mbwa hakuwa mkaidi, alirushwa madaraja. Kutoka chupa hadi gunzi la kuchoma ni kama kumtoa mtoto darasa la kwanza na kumketisha kidato cha nne. Ikabidi arudi nyuma, apite kwenye mwiko wa mbao, kisha ndala kuukuu, kisha mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe, na kila kitu kilipopanda thamani, malipo nayo yakapanda: kwa chupa kipande kimoja cha firigisi, kwa mfupa konzi ya maini. Gunzi lilikuja mwisho, tena kwa tahadhari. Jirani alishika hindi zima refu upande mmoja, Popi akilamba na kuguguna upande wa pili, kisha "Tema", maini chini, na hindi halikutoka mkononi mwa mwenyewe hata mara moja. Hivyo hakukuwa na nafasi ya kumeza, na mbwa alipata mazoezi ya kuachana na kile hasa anachokipenda.

Ikitokea umesema na hakutema, usirudie neno mara saba. Neno lililorudiwa bila matokeo huchakaa, likawa kelele kama kelele za redio. Ongeza malipo safari hii, na kesho uanze na kitu rahisi zaidi.

"Acha" ni somo jingine, na huanzia kwenye ngumi. Funga kipande cha ugali mkononi, uweke ngumi mbele ya pua ya mbwa. Atalamba, atasukuma, pengine atakwaruza kwa kucha. Nyamaza kimya. Punde pua itakapoondoka, hata kwa sekunde moja, sema "Vizuri" na umpe ini kutoka mkono wa pili. Ugali wa kwenye ngumi hapewi kamwe. Ukimpa, atajifunza kwamba "Acha" maana yake ni "subiri kidogo", naye atausubiri mzoga wa barabarani kwa subira hiyo hiyo.

Anapofika hatua ya kuondoa pua mara tu ngumi ikitokea, ndipo uanze kutamka "Acha" kabla ya kuitokeza. Kisha ugali uwe juu ya kiganja kilicho wazi, tayari kufungwa akivamia. Kisha sakafuni chini ya kiatu chako, kisha sakafuni pasipo kifuniko, na mwishowe njiani, mbwa akiwa amefungwa kamba fupi, mkipita mita mbili kutoka kwenye chambo ulichokiweka mwenyewe. Katika kila hatua hakikisha hawezi kukifikia. Akikinyakua mara moja amelipwa na chambo, na hilo litamkaa kichwani kuliko maneno yako. Na mbwa mwenye njaa usimfundishe somo hili, mlishe kwanza. Anayeishi kwa makombo mara moja kwa siku hawezi kushindana na tumbo lake.

Mbwa anayelinda vitu anahitaji uangalifu zaidi, na dalili zake huanza mapema kabla ya meno. Mwili unakuwa mgumu ghafla, kichwa kinashuka juu ya mfupa, anaanza kula kwa kasi, na anakutazama kwa pembeni hadi weupe wa jicho unaonekana. Kunguruma huja baada ya hapo. Kwetu mbwa anayemngurumia bwana wake hupigwa, na kipigo kweli huondoa mngurumo, lakini hofu iliyouleta inabaki, na unajipatia mbwa anayeuma bila kuonya. Mkufunzi Jean Donaldson alitoa kitabu kizima mwaka 2002 juu ya tabia hii moja, na msingi wa tiba yake unafanana na tuliyoyasema: pita mbali, pale ambapo mwili wa mbwa bado umelegea, mrushie ini, endelea na safari yako. Usisogee karibu mpaka uone anainua kichwa kwa furaha anapokuona. Watoto wakae mbali kabisa na zoezi hili. Kama ameshawahi kuuma, tafuta mtaalamu. Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Amri hizi zina mpaka wake. Zinafanya kazi ukiwepo. Nyama yenye sumu iliyorushwa juu ya ukuta saa nane za usiku haina mtu wa kusema "Acha", na anayekuahidi mbwa asiyegusa chakula cha mgeni hata akiwa peke yake, muulize atalithibitishaje. Pipa lenye kifuniko, ua unaokaguliwa asubuhi kabla mbwa hajafunguliwa, na kikapu cha mdomo kwa mbwa sugu anapotembezwa, vinaokoa wengi zaidi.

Na akishameza? Usimnyweshe chumvi ili atapike, chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Usimtapishe mwenyewe ikiwa amemeza kitu chenye ncha, betri au dawa inayounguza. Mpigie daktari wa mifugo hata kama mbwa anaonekana mzima, kwa kuwa sumu za panya zinazozuia damu kuganda zinaweza kukaa siku kadhaa bila dalili, kisha ufizi ukapauka na damu ikaanza kutoka puani. Akiwahiwa, daktari anaweza kumtapisha kwa usalama na kumwanzishia vitamini K1. Beba pakiti ya sumu, au hata kipande chake, pamoja na kadirio la alichokula na saa aliyokila, maana sumu hazifanani na dawa zake ni tofauti.