Kutoka redio hadi video: tangazo linapokosa masikio

Mara nyingi mutu anachukua tangazo lake la redio, analiweka juu ya picha alizoshusha kwenye intaneti, kisha anashangaa kuona hakuna anayepiga simu. Watu wengi wanaangalia video kwenye telefone bila kufungua sauti. Kazi yote ambayo sauti ilikuwa inafanya, sasa lazima picha na maandishi viifanye.

Chukua mfano wa fundi wa Goma anayeuza mbabula isiyokula makala mingi. Tangazo lake ni la sekunde 30. Linaanza na kikohozi, halafu mama mmoja anauliza: "Jirani, gunia ya makala imeshaisha?" Mwengine anajibu: "Weee, hata wiki mbili haikufika!" Mtangazaji anaeleza mbabula, anataja soko la Virunga, anasoma namba ya simu mara mbili.

Kwanza, piga mstari chini ya kila kitu kilichowekwa kwa ajili ya masikio. Kikohozi kinakuwa picha ya moshi. Maneno "ya duara, yenye udongo ndani" yanaondoka, juu mbabula yenyewe itaonekana. Namba haisomwi tena mara mbili: inaandikwa na kubakia sekunde 5 za mwisho.

Pili, pima maandishi. Hesabu herufi kama 15 kwa sekunde moja, nafasi zikiwa ndani. Mtangazaji alisema: "Mbabula hii inatunza moto, inapunguza makala, na inakubakishia franga za kununua chakula." Hizo ni herufi karibu 90, zinaomba sekunde 6 na kujaza telefone. Andika tu: "Makala kidogo, moto ule ule." Sekunde 2 zinatosha. Usipitishe mistari miwili kwa mara moja.

Tatu ni picha, na hapo ndipo watu wanaangukia. Kwenye Pexels ao Pixabay, ukiandika charcoal stove, utapata video za bure. Lakini mbabula utakayoona haiko ya fundi wetu. Muteja akifika sokoni na kukuta ingine, atasema amedanganywa. Basi picha za watu wengine zionyeshe shida tu: moshi, makala, mikono inayopika. Mbabula yenyewe fundi aipige kwa telefone yake, mbele ya duka lake. Tena, usiweke maneno ya jirani chini ya uso wa mama usiyemjua, kama vile yeye ndiye anasifu mbabula. Masharti ya Pexels yanakataza kuonyesha kwamba mutu wa kwenye picha anaunga mkono bidhaa yako. Tumia mikono ao mgongo.

Mwisho, funga sauti na umuonyeshe video mara moja mutu ambaye hakusikia tangazo. Umuulize: wanauza nini, wapi, na unapiga simu gani? Jibu moja likikosa, rudi kwenye maandishi mbele ya kugusa muziki.