Mkato Unapogeuza Asilimia Kuwa Maelfu

Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, kituo chake kikuu cha utafiti kikiwa Yangambi. Wataalamu wake walipima udongo Kongo na Ruanda-Urundi, na matokeo waliyaandika kwa desturi ya Kifaransa, ambayo desimali hutengwa kwa mkato, si kwa nukta. Anayeziingiza karatasi za namna hiyo kwenye kompyuta leo, hasa iliyowekwa kwa desturi ya Kiingereza kama zilivyo nyingi Kenya na Tanzania, anapaswa kujihadhari na alama hiyo ndogo kuliko zote ukurasani.

Tuchukue mstari mmoja wa mfano. Mwinuko wa shamba ni 1.650 m. Kaboni 1,860 %, naitrojeni 0,155 %, na uwiano wa kaboni kwa naitrojeni 12,0. Zinafuata kalsiamu 2,15, magnesi 0,80 na potasiamu 0,12, zote kwa méq/100 g, na jumla yake 3,07.

Ukiandika 1,860 kwenye Excel ya Kiingereza, programu inaona elfu moja mia nane na sitini. Ukiandika 1.650, inaona mita moja na nusu na ushei. Namba zote mbili zimeharibika, na hakuna onyo lolote linalotokea, kwa kuwa kila moja ni namba halali. Kosa linaloleta onyo hurekebishwa siku hiyohiyo. Hili huingia kwenye wastani na kukaa humo.

Ndiyo maana wenye uzoefu hawaamui maana ya mkato kwa kutazama namba moja. Wanasoma safuwima nzima kwanza. Katika safuwima ya kaboni, 1,860 ikifuatwa na 0,94 na 2,3, mkato hauwezi kuwa wa maelfu, maana wa maelfu lazima ufuatwe na tarakimu tatu. Kisha wanauuliza udongo wenyewe: asilimia haipiti 100, na pH ya udongo haiwezi kuwa 54. Shamba la milimani nalo haliwezi kuwa mita moja na ushei juu ya bahari.

Mwandiko una mitego yake. Moja ya Kifaransa huanza na mkono mrefu unaopanda, ikafanana na saba. Je, potasiamu ni 0,12 au 0,72? Hapo jumla ndiyo shahidi: 2,15 na 0,80 na 0,12 ni 3,07, kama karatasi inavyosema. Ingekuwa 0,72, tungepata 3,67. Vivyo hivyo, 1,860 ukiigawa kwa 0,155 unapata 12 kamili, kwa hiyo kaboni na naitrojeni zimesomwa sawa. Pasipo na jumla wala uwiano, usikisie: weka alama ya shaka, mwenzako aisome bila kuoneshwa jibu lako.

Wakati wa kuingiza, safuwima zipangwe ziwe maandishi kabla ya kuchapa chochote, kisha kila namba inakiliwe ilivyo, na mikato yake na sifuri za mwisho. Kugeuza kuwa namba ni hatua ya pili, kwenye safuwima nyingine, ili ya kwanza ibaki ushahidi. Kwa Python, na kwa safuwima iliyokwisha kuthibitishwa, inatosha hivi:

```
float(x.replace(".", "").replace(",", "."))
```

Mpangilio ni muhimu. Nukta za maelfu ziondolewe kwanza, ndipo mkato ugeuzwe nukta. Ukianza na mkato, 1,860 itakuwa 1.860, kisha nukta hiyo nayo itafutwa na utarudi kwenye 1860 uliyoikimbia. Na kama kuna mwandishi aliyechanganya, akaandika pH 5.4 katikati ya mikato, amri hii itampa 54. Ndiyo sababu ya kukagua mipaka baada ya kugeuza pia.

Kizio kisiingie kwenye seli ya namba, kwani huifanya yote kuwa maandishi. Kikae kwenye jina la safuwima, mfano `k_meq_100g`. Kizio cha méq/100 g hakihitaji kuzidishwa ukitaka cmol/kg ya leo, kwani thamani ni ileile. Asilimia ya kaboni ndiyo huzidishwa kwa 10 kupata gramu kwa kilo, 1,860 ikawa 18,6. Alama kama « <0,05 » au « tr. », yaani kiasi kidogo mno kupimika, si sifuri. Ukiandika sifuri unadai kwamba hakuna kitu, ilhali maabara ilisema tu kwamba mizani yake haikufika huko. Alama iwe na safuwima yake, na atakayekokotoa ajiamulie jinsi ya kuitumia.