Umenunua motere ya pirogi kwa uongo: uirudishe ao udai pesa?

Tuseme mfanyabiashara wa Basoko ananunua motere ya pirogi ku Kisangani kwa dola 2 400. Muuzaji anamwambia ni ya nguvu ya farasi 40. Akiwa njiani na muchele wake, pirogi inashindwa kupanda maji. Fundi anafungua na kuona: kifuniko ni cha 40, lakini motere ndani ni ya 25. Ku soko, ya 25 ingeuzwa dola 1 600.

Mambo haya yako ndani ya sheria ya inchi yetu ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo inatumika mpaka leo. Inatofautisha mambo matatu.

La kwanza: muuzaji ndiye alibadilisha kifuniko, na bila uongo huo munununuzi hangenunua. Kifungu cha 16 kinaruhusu mkataba kuvunjwa. Motere inarudi, dola 2 400 zinarudi. Tena kwa kifungu cha 258, muuzaji analipa hasara aliyosababisha, kama pesa za fundi na za kuvuta pirogi.

La pili: motere ni ya 40 kweli, lakini muuzaji alidanganya juu ya miaka yake. Munununuzi angeinunua tu, ila kwa bei ya chini. Hapo mkataba unabaki. Anadai pesa alizozidisha.

La tatu: muuzaji naye alinunua motere ikiwa na kifuniko hicho, hakujua kitu. Wote wawili wamekosea juu ya kitu chenyewe. Mkataba unaweza kuvunjwa, lakini ni vigumu kumulipisha hasara mutu asiye na kosa.

Kumbe maneno kama « motere hii ni moto sana » si udanganyifu mbele ya sheria. Kila muuzaji anasifu mali yake.

Sasa, kwa yule aliyedanganywa kabisa, gani ni bora? Kuvunja kunamurudisha pale alipokuwa mbele ya kununua. Ni vizuri kama motere haimufai na muuzaji angali na pesa. Lakini lazima awe na motere ya kurudisha. Kama ameisha kuiuza, ao motere ya 25 inamutosha, anaweza kuibakisha na kudai tofauti: dola 800, pamoja na hasara zingine.

Angalisho mbili. Mkataba hauvunjiki wenyewe. Ni tribinali inauvunja, ao wote wawili wanapatana. Na ukiisha kujua uongo, usiendelee kutumia motere miezi mingi kama vile hakuna kitu: muzuzi anaweza kusema umeikubali.

Zaidi ya yote, udanganyifu haukisiwi, unahakikishwa. Kwa hiyo mbele ya kulipa, andikisha nguvu na namba ya motere ku risiti, muuzaji atie sahihi, na shahidi awepo. Bila karatasi hiyo, itabaki neno lako na lake.