Laini Imesimama, Saa Zimekwenda Wapi?

Katika kiwanda cha maji ya chupa nilichosimamia zamu kwa miaka kadhaa, kila mtu alikuwa na hakika ya adui wetu. "Mzee, lebo ndiyo inatuua," opareta aliniambia karibu kila siku huku akichomoa karatasi iliyojikunja kwenye rola. Daftari la zamu lilimuunga mkono: katika wiki moja lebo ilikwama mara 64. Hakuna kitu kingine kilichokaribia hesabu hiyo.

Tukakaa na daftari tukahesabu saa badala ya mara.

Zamu 2 za saa 8, siku 6, ni saa 96. Humo tulitoa kwanza zile tulizoamua wenyewe kusimama: saa 6 za kuosha mitambo, saa 1 kila siku, na saa 4 za kubadili saizi kutoka nusu lita kwenda lita moja na nusu na kurudi, saa 2 kila mara. Zikabaki 86 ambazo laini ilipaswa kukimbia. Ilikimbia 65. Saa 21 zilikwenda bila idhini ya mtu.

Kutenganisha huku kuna mtego, nasi tuliuingia. Kwa kuwa kubadili saizi kulikuwa kwenye ratiba, muda wake wote uliandikwa "imepangwa" na hakuna aliyeuliza. Kumbe kila badiliko lilichukua saa 5. Zilizopangwa ni 2, basi 3 za ziada ni hasara kama brekidauni yoyote. Mara mbili kwa wiki, hizo ni saa 6.

Kingine ni mahali pa kusimama na saa mkononi. Tulipima kwenye mashine ya kujazia, maana ndiyo iliyokuwa na mwendo mdogo kuliko zote. Dakika iliyopotea hapo hairudi. Mashine ya lebo ikikwama dakika moja, chupa hujipanga kwenye mkanda na ujazaji unaendelea, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Zile mara 64 ni za lebo iliyokwama hadi mashine ya kujazia nayo ikasimama, wastani wa dakika 3 kila mara.

Tulipozipanga kwa saa, orodha ilitoka hivi. Ziada ya kubadili saizi, saa 6. Umeme, saa 5. Kusubiri vifuniko kutoka stoo, saa 4. Lebo, saa 3 na dakika 12. Mashine ya vifuniko, saa 2. Dakika 48 zilizobaki zilikuwa vijimambo. Adui wetu mkubwa alikuwa wa nne, na sababu tatu za juu zilibeba saa 15 kati ya 21.

Mpangilio huu huitwa wa Pareto, kwa jina la Mwitalia aliyechunguza mgawanyo wa mali. Aliyeuleta viwandani ni Joseph Juran, ambaye baadaye alikiri kwamba alimpa Pareto sifa isiyo yake.

Kwenye umeme, mtu angesema hilo ni la shirika la umeme na kufunga daftari. Lakini ulikatika mara 5, kwa jumla ya saa 1 na dakika 40 tu. Saa 3 na dakika 20 nyingine zilipotea umeme ukiwa umesharudi: kompresa ijaze hewa upya, oveni ya kupulizia chupa ifikie joto lake, chupa za mwanzo zilizopinda zitupwe. Tangu hapo tukawa tunaandika mistari miwili, "umeme umekatika" na "kuwasha upya", kwa sababu ule wa pili uko mikononi mwetu.

Vifuniko navyo vilitutia mashaka. Saa 4 hizo zilitokana na tukio moja, lori lililochelewa. Wiki moja haitoshi kumhukumu mshitakiwa wa aina hiyo, na tulipokusanya wiki 6, vifuniko vilishuka hadi chini. Kubadili saizi kulibaki juu kila wiki.

Basi badiliko lililofuata nilisimama pembeni na kalamu. Laini ilizimwa, ndipo fundi akaenda stoo kutafuta vishikio vya chupa kubwa. Alirudi navyo, kimoja kikiwa na bolti pungufu. Spana namba 13 ilikuwa kwa mtu wa zamu iliyopita. Mkono wake ulipogusa mashine kwa mara ya kwanza, dakika 70 zilikuwa zimepita.

Wiki iliyofuata vishikio, bolti na spana vilisubiri kwenye kitoroli kando ya mashine kabla haijazimwa. Badiliko likachukua saa 3 na dakika 40. Bado ilikuwa saa 1 na dakika 40 juu ya ratiba, na opareta bado alikuwa akilalamikia lebo.